Waya Unaoning'inia Mbele ya Gari

Mgeni anayefika Winnipeg, mji mkuu wa jimbo la Manitoba nchini Kanada, akitoka Bujumbura, Bukavu au Dar es Salaam, huanza kuuliza maswali akiwa bado kwenye maegesho ya magari. Karibu kila gari lina plagi ndogo ya umeme inayochungulia mbele, chini ya nembo au pembeni mwa bampa. Anadhani magari yote ya mji huu ni ya umeme. Sivyo. Ni magari ya petroli na dizeli kama ya kwao, ila ndani ya injini pamefungwa kipande kidogo cha kupasha joto, na plagi ile ndiyo mkia wake. Watu wa huko husema "chomeka gari" kama sisi tunavyosema "chaji simu".

Wazungumzaji wa Kiswahili katika majimbo haya ya tambarare ya Kanada ni wengi sasa, hasa waliotoka Kongo na Burundi, na wengi wao hununua gari lao la kwanza la ughaibuni huko huko. Mauzo yenyewe yana mtego mmoja. Gari lililouzwa jipya Manitoba kwa kawaida lina hita hii. Gari lililotumika kule Vancouver au kusini mwa Ontario, ambako baridi ni nafuu, au lililovushwa kutoka Marekani, mara nyingi halina. Mnunuzi huona injini safi, kilomita chache na bei nzuri, na hakuna anayemwambia kwamba plagi ya mbele haipo. Huja kuligundua pengo hilo Januari.

Januari ya Winnipeg si ya mchezo. Usiku wa kawaida wa mwezi huo hushuka hadi nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri na zaidi kidogo, na kila mwaka huja siku kadhaa za nyuzi 30 chini ya sifuri. Gari lililolala nje usiku kucha huwa na baridi hiyo hiyo kuanzia kwenye chuma cha bloki hadi kwenye oili iliyotuama chini.

Katika hali hiyo mambo matatu hutokea kwa pamoja, na kila moja linazidisha uzito wa jingine. La kwanza ni oili. Oili ya injini haigandi kama maji, lakini huwa nzito kama uji uliolala, na stata inapojaribu kuzungusha injini inakuta pistoni na mashine nzima zimeshikwa. La pili ni betri. Umeme wa betri ya gari hutokana na kemikali zinazofanya kazi ndani yake, na baridi huzizorotesha, kiasi kwamba betri nzima kabisa inaweza kupoteza nusu ya nguvu zake, au zaidi, pale pale stata inapohitaji umeme mwingi kuliko siku zote. La tatu ni petroli. Ili iwake ni lazima kwanza igeuke mvuke, na ndani ya chuma chenye baridi kali sehemu kubwa hubaki matone. Kompyuta ya gari hulifahamu hilo, kwa hiyo humwaga petroli nyingi zaidi. Ile isiyowaka huteremka kwenye kuta za silinda na kuosha utando wa oili unaozilinda zisisagike.

Ndiyo maana gari linaweza kuwaka kwa taabu na bado likawa limeumia. Sekunde za mwanzo baada ya kuwaka, kabla oili nzito haijafika juu kwenye valvu, ndizo zinazokula injini. Kuwasha gari kwa rimoti kutoka jikoni, jambo ambalo wengi hulifurahia, humpa dereva kiti chenye joto lakini hakuiondolei injini mateso hayo, kwa sababu bado imeamshwa ikiwa baridi kabisa.

Hita ya injini inashughulika na mzizi wa tatizo. Mtu anayehusishwa zaidi na kifaa hiki ni Andrew Freeman wa Grand Forks, mji wa North Dakota ulio kusini mwa mpaka wa Manitoba, aliyepata hataza ya Marekani mwaka 1949. Kifaa chake kilikaa mahali pa boliti moja ya kichwa cha injini, na kilipitisha joto ndani ya chuma. Hita za siku hizi zimehama mahali. Aina inayopatikana zaidi ni kijiti cha kupashia kilichopachikwa ubavuni mwa bloki, kwenye mojawapo ya matundu ambayo kiwandani huzibwa kwa vizibo vya bati. Kijiti hicho huzama ndani ya kulanti, yale maji ya rejeta yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kuganda, na huyapasha moto kama hita ya maji ya kuoga inavyofanya. Maji ya moto hupanda, ya baridi hushuka, na hivyo joto hujizungusha lenyewe taratibu bila pampu yoyote, likisambaa kwenye bloki na kuelekea kichwa cha injini.

Zipo pia zinazofungwa katikati ya bomba la chini la rejeta, na zile za kubandika chini ya sampu ya oili. Hizi za kubandika humsaidia mwenye gari lisilo na nafasi ya kuweka kijiti, lakini zinapasha oili tu. Ya kijiti ndiyo ningemshauri mtu afunge akiwa na uchaguzi, na afungiwe na fundi, kwa sababu kulanti lazima imwagwe na kujazwa upya. Hapa pana kosa linaloua hita mpya siku ya kwanza. Baada ya kujaza kulanti, hewa hubaki imenaswa ndani ya bloki. Kijiti kikiwashwa kikiwa kwenye hewa badala ya maji hakina cha kukipoza, na huungua kwa muda mfupi sana. Injini lazima iwashwe kwanza, ichemke hadi hewa yote itoke, kulanti iongezwe, halafu ndipo plagi iguswe. Kwa sababu hiyo hiyo, gari linalovuja kulanti polepole lisichomekwe mpaka litengenezwe.

Hita nyingi za magari madogo hutumia wati 400 hadi 600. Za pikapu kubwa za dizeli hufika 750, 1000, hata zaidi. Kwa umeme wa Kanada wa volti 120, wati 400 ni ampea 3 na kidogo, na wati 1000 ni ampea 8 na kidogo. Hizo ampea ndizo zitakazoamua waya wa kununua, na tutazirudia.

Swali linaloulizwa kuliko yote ni la muda: gari lichomekwe usiku kucha au saa chache tu? Jibu limo katika namna joto linavyopanda. Saa za mwanzo bloki hupata joto haraka, kwa kuwa tofauti kati yake na hewa ya nje bado ni ndogo na joto linalopotea ni kidogo. Kadiri bloki inavyopata moto ndivyo inavyopoteza zaidi, hadi hufika mahali joto linaloingia na linalotoka huwa sawa. Kuanzia hapo hita inapasha upepo wa maegesho. Kwa gari dogo lenye hita ya wati 400, sehemu kubwa ya faida hupatikana ndani ya saa tatu au nne. Saa ya kumi injini huwa na joto kidogo tu kuliko saa ya nne.

Tuchukue mama mmoja anayefanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Zamu yake inaanza saa moja kamili asubuhi, na hutoka nyumbani saa kumi na mbili na robo. Gari lake ni Toyota Corolla yenye hita ya wati 400, na utabiri unasema alfajiri itakuwa nyuzi 28 chini ya sifuri. Akilichomeka saa kumi na mbili jioni akitoka kazini na kuliacha hadi asubuhi, hita itakaa hewani saa 12 na robo na kula karibu uniti 5 za umeme. Bei ya umeme wa nyumbani Manitoba ni takriban senti 10 za Kanada kwa uniti, kwa hiyo amelipa kama senti 49. Akitumia taima iwashe saa tisa na robo usiku, hita itafanya kazi saa tatu, itakula uniti 1.2, na atalipa senti 12. Kwa usiku mia moja za baridi tofauti ni kama dola 37, zaidi ya bei ya taima nzuri ya nje. Na asubuhi bloki yake itakuwa imepanda nyuzi 15 hadi 25 juu ya hewa ya nje, kutegemea upepo. Maana yake injini inawaka kana kwamba nje ni nyuzi 3 hadi 13 chini ya sifuri, na hiyo ni asubuhi ambayo injini yoyote nzima huimudu.

Saa tatu ni kipimo kizuri kwa usiku kama huo. Nje kukiwa nyuzi 15 au 20 chini ya sifuri, saa mbili zinatosha. Kukifika nyuzi 35, au gari likiwa pikapu yenye injini kubwa, weka saa nne. Jambo la kuzingatia ni kwamba taima isizime mapema. Bloki ikikatiwa umeme huanza kupoa papo hapo, kwa hiyo muda wa kuzima uwekwe dakika chache baada ya muda wa kuondoka, ili siku ukichelewa gari lisikusubiri likipoa.

Taima rahisi na ya kuaminika ni ile ya duara la saa 24 lenye vipini vidogo pembeni, kila kipini kikiwa na dakika 15 au 30. Unavibonyeza vile vinavyoangukia muda wa kuwasha, kisha unazungusha duara hadi mshale uonyeshe saa ya sasa. Duara hilo limeandikwa saa za kizungu, namba 0 ikiwa usiku wa manane. Kwa hiyo saa tisa na robo usiku ni 3:15, na saa kumi na mbili na robo asubuhi ni 6:15. Mtu aliyezoea kuhesabu saa kuanzia machweo na macheo akabonyeza penye 9 akidhani ni saa tisa ya usiku, hita yake itawaka akiwa ameshafika kazini. Umeme ukikatika kwa dakika arobaini, duara nalo husimama dakika arobaini, na taima itachelewa kwa kiasi hicho kila siku hadi uirekebishe. Taima za dijitali zenye betri ya akiba hazina tatizo hilo, ila kioo chake huzubaa kwenye baridi kali na namba hazisomeki, kwa hiyo ziwekwe saa ukiwa ndani kwenye joto. Kwa vyovyote vile taima iwe ya kutumika nje, na kibandiko chake kitaje wati zisizopungua za hita yako. Taima ndogo za taa za sebuleni hazikutengenezwa kwa kazi hii.

Katika maegesho ya majengo ya kupanga na ya sehemu za kazi, jambo huweza kuwa tofauti kabisa. Wenye majengo hutaka kupunguza bili, na wengi huweka mitambo inayotoa umeme kwa zamu, kwa mfano nusu saa unapatikana, nusu saa haupo. Mpangaji mgeni hujaribu soketi kwa taa, akaiona imekufa, akampigia msimamizi kulalamika, kumbe ni zamu tu. Kubaya zaidi ni kuweka taima ya duara kwenye soketi ya namna hiyo. Umeme ukikatwa nusu saa katika kila saa, duara huzunguka nusu ya mwendo wake, na kufikia asubuhi taima inadhani bado ni usiku wa manane. Yule mama wa Corolla, kama maegesho yake ni ya zamu, aachane na taima, achomeke moja kwa moja anapofika, na mtambo wa jengo utamfanyia hesabu. Amuulize msimamizi kabla hajatumia pesa dukani.

Sasa waya. Hapa naomba msomaji asipite haraka, kwa sababu ajali za hita hutokana na waya na plagi zaidi kuliko hita yenyewe. Hita ni mzigo unaowaka kwa nguvu zote, kwa saa nyingi, wakati watu wamelala, na waya wake umelazwa kwenye theluji.

Ekstensheni ya ndani, ile nyembamba ya kahawia au nyeupe yenye miguu miwili, isiguse kazi hii hata usiku mmoja. Inayofaa ni ya nje, yenye miguu mitatu, na ganda linalobaki laini kwenye baridi. Ganda la plastiki ya kawaida hukakamaa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, na ukilikunja hupasuka, mara nyingine kwa mpasuko mwembamba usioonekana mpaka maji ya theluji yaingie. Kwenye kibandiko tafuta maandishi yanayotaja baridi ya -40 au -50, pamoja na alama ya CSA inayoonyesha kwamba waya umepimwa kwa viwango vya Kanada.

Unene wa waya hupimwa kwa geji, na namba zake huenda kinyume na matarajio: geji 12 ni nene kuliko 14, na 14 ni nene kuliko 16. Kwa Corolla yetu ya wati 400 iliyo mita tano au hata kumi na tano kutoka kwenye soketi, geji 16 inatosha vizuri. Mambo hubadilika kwa jirani mwenye pikapu ya dizeli na hita ya wati 1000, aliyeegesha mita 30 kutoka nyumbani. Akitumia geji 16, waya wenyewe utakula kama wati 55 njiani na kuzigeuza joto. Ukiwa umenyooshwa kwenye theluji, joto hilo hutawanyika urefu wote wa waya na haliunguzi kitu. Lakini huyo jirani akiwa na mita za ziada, akaziviringa na kuziacha kama pete nene ya waya chini ya rundo la theluji au kwenye sanduku, joto lote hukusanyika mahali pamoja, ganda hulainika, na nyaya za ndani huanza kukaribiana. Anunue geji 12, na urefu usiozidi anaouhitaji. Mita zilizobaki azitandaze, asiziviringe.

Mahali panapoungua kwanza ni pale plagi inapoingia kwenye soketi, mara chache sana katikati ya waya. Miguu ya plagi iliyopata kutu, au soketi iliyolegea, huacha nafasi ndogo tu ya umeme kupita, na joto huzaliwa hapo. Kipimo chake hakihitaji kifaa. Baada ya nusu saa ya kuwaka, toa glavu ushike kiungo kwa nje. Uvuguvugu si neno. Kama unalazimika kuondoa mkono, kitu hicho kimekwisha. Doa la kahawia kuzunguka mguu wa plagi, plastiki iliyopinda, harufu ya kuungua: zote hizo ni dalili za kuacha kutumia siku hiyo hiyo. Kwa sababu kila kiungo ni hatari mpya, usiunganishe ekstensheni mbili. Na kiungo kati ya ekstensheni na plagi ya gari kining'inie juu ya theluji, kisilale chini penye maji.

Mguu wa tatu wa plagi, ule wa ethi, baadhi ya watu huukata ili plagi iingie kwenye soketi ya zamani ya matundu mawili. Gari limesimama juu ya matairi ya mpira, halijagusana na ardhi kwa chuma. Kijiti cha hita kikipasuka na kuvujisha umeme kwenye bloki, bodi zima la gari linapata umeme, na halina njia ya kuumwaga isipokuwa mguu ule wa ethi. Ukiukata, njia inayobaki ni mkono wa mtu anayefungua mlango huku amesimama kwenye theluji iliyoyeyuka.

Soketi za nje za nyumba nyingi zina kinga inayokata umeme mara tu kiasi kidogo mno kinapovuja, kama elfu tano za ampea kwa milioni moja, na zina vitufe viwili vya kujaribia. Ikikata, usikimbilie kutafuta soketi nyingine isiyo na kinga. Chomoa plagi ya gari, uache ekstensheni peke yake, kisha bonyeza kitufe cha kurudisha. Ikikata tena, ekstensheni imelowa au imepasuka. Ikitulia, kasoro iko kwenye hita au kwenye waya mfupi wa gari, na kazi hiyo ni ya fundi. Watengenezaji zaidi ya mmoja wamewahi kuyaita magari yao warekebishe nyaya za hita zilizoweza kupiga shoti, kwa hiyo mwenye gari lililotumika ampigie muuzaji rasmi, ampe namba ya chasi, aulize kama kuna marekebisho ya bure ambayo hayajafanywa.

Kuhusu kuchomeka kwenyewe, unganisha upande wa gari kwanza, ndipo uende ukutani. Asubuhi anza kuchomoa ukutani. Na kabla ya kulala, ning'iniza sehemu ya waya kwenye kioo cha pembeni cha dereva, kwa sababu kila msimu wako watu wanaoondoka na waya ukiwa bado umechomekwa, wakang'oa plagi ya gari au soketi ya ukuta.

Faida ya yote haya ni kiasi gani? Serikali ya Kanada, kupitia wizara yake ya maliasili, imewaeleza madereva kwamba kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri hita inaweza kupunguza matumizi ya mafuta kwa hadi asilimia 10, na kwa safari moja fupi kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri akiba inaweza kufika asilimia 25. Safari fupi ndizo zinazofaidika kwa sababu injini baridi hutumia dakika zake zote za mwanzo ikimwaga petroli ya ziada, na anayeenda kilomita tano hufika kabla hajaanza kutumia mafuta kwa kawaida. Anayeendesha saa nzima barabara kuu hataiona tofauti kubwa kwenye pampu. Jambo jingine analoliona kila mtu ni hewa ya kwenye kioo. Hita ya ndani ya gari huchukua joto lake kwenye kulanti ile ile, na kulanti ikiwa imeshaanza kupata moto, kioo cha mbele huyeyuka barafu mapema na dereva haondoki akichungulia kwenye tundu.

Mipaka ipo pia, na ni haki kuisema. Hita haipashi betri. Betri ya miaka mitano iliyochoka itabaki imechoka, ingawa injini laini huidai umeme kidogo. Haigusi giaboksi wala matairi, kwa hiyo kilomita za mwanzo ziendeshwe taratibu. Kwa dizeli, haiyeyushi mafuta yaliyoganda kwenye tangi na kichujio, na dawa ya hilo ni dizeli ya msimu wa baridi. Na gari jipya la petroli lenye oili sintetiki nyepesi ya 0W-20 na betri nzima huweza kuwaka bila hita kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri. Mwenye gari la namna hiyo anayeegesha kwenye gereji iliyofungwa hahitaji kujihangaisha nyuzi 10 chini ya sifuri. Ila oili ni jambo la kuangalia kwanza, kabla hata ya hita: anayetumia 10W-30 huko Manitoba abadilishe kufuata kitabu cha gari lake.

Kosa la kawaida la mwisho ni kuamini kwamba hita inafanya kazi kwa sababu imechomekwa. Taa ndogo inayowaka mwishoni mwa baadhi ya ekstensheni inasema tu kwamba umeme umefika kwenye waya. Hita iliyoungua haibadilishi taa hiyo. Nyingine zikiwa nzima hutoa sauti hafifu ya maji yanayoanza kuchemka, ukisogeza sikio karibu na boneti dakika chache baada ya kuchomeka. Uhakika hutoka kwenye mita ya umeme. Gari likiwa halijachomekwa, weka mita kwenye omu na uguse miguu miwili bapa ya plagi ya gari. Hita ya wati 400 huonyesha karibu omu 36, ya 600 karibu 24, ya 1000 karibu 14. Mita isiposoma kitu, kijiti au waya umekatika. Kisha gusa mguu mmoja bapa pamoja na ule wa ethi: hapo mita haitakiwi kusoma chochote, na ikisoma, hita inavuja na isichomekwe tena. Baadhi ya pikapu zina swichi ndani ya waya isiyoruhusu umeme mpaka baridi ifike karibu nyuzi 18 chini ya sifuri, na hizo zitaonekana zimekufa ukizipima siku ya nyuzi 5, kwa hiyo soma kitabu cha gari kabla ya kuamua.

Kipimo hicho kifanywe Oktoba. Kubadilisha hita huweza kugharimu dola mia kadhaa pamoja na ufundi, na Oktoba fundi ana nafasi na vipuri viko rafuni. Wiki ya kwanza ya baridi kali foleni ya magari yaliyovutwa kwa kamba hufika mlangoni mwa gereji, na hita ya gari lako inaweza kuwa ya kuagiza.